Jina la singo mpya: sikio limeshika nini, vidole vitaandika nini?

*Swali:* Shikamoo mwalimu. Nina singo mpya, biti yake inakwenda mapigo 100 kwa dakika, na kiitikio kinasema: "Moyo wangu ngalawa, tweka, mpenzi tweka, kusi yavuma baharini, tafadhali usinitose." Prodyuza anataka tuuite "Moyo", meneja anasema "Usinitose", mimi mwenyewe nalipenda "Ngalawa". Nataka jina ambalo watu wataliimba kwenye kiitikio, na wakilitafuta Boomplay, Spotify au YouTube walipate. Niupe jina gani? (Mwimbaji, Tanga)

*Jibu:* Marahaba, dada yangu. Ushauri wangu ni kwamba wimbo huu uitwe "Tweka Tanga", na kwamba kabla haujatoka studio urudi kwenye maikrofoni ukaimbe kiitikio upya ili maneno hayo mawili yasikike yakiwa pamoja. Najua kwamba jina hilo halimo katika majina matatu mnayoyajadili, kwa hiyo nina wajibu wa kueleza nilivyolifikia.

Mtu anausikia wimbo wako kwa mara ya kwanza mahali ambapo jina lake halijaandikwa popote. Anausikia ndani ya daladala, saluni, ukumbini kwenye harusi, au kwenye kipande cha sekunde 15 ambacho mtu asiyemjua amekichezea mtandaoni. Jina analiokota kwa sikio. Baadaye, pengine usiku akishapata bando, anafungua sehemu ya kutafutia na kuandika kile kilichobaki kichwani mwake. Haandiki jina ulilolisajili wewe. Anaandika jina alilolisikia yeye, na analiandika kwa tahajia anayoijua yeye. Wapo wanaotumia Shazam, ambayo huutambua wimbo kwa sauti yenyewe bila kuhitaji jina, lakini hiyo hufaa pale tu wimbo unapokuwa bado unapigwa na simu iko mkononi. Aliyekwisha kufika nyumbani amebaki na kumbukumbu peke yake. Basi kuchagua jina ni kuhakikisha kwamba neno lililobaki sikioni na neno lililoandikwa kwenye jukwaa ni neno lilelile.

Tukianzia hapo, majina yenu matatu yanaweza kupimwa moja baada ya jingine, maana kila moja lina tatizo la aina yake.

"Moyo" ni neno zuri, linaimbika, na tahajia yake haimpi mtu shida. Tatizo lake ni msongamano. Mapenzi ndiyo mada inayoimbwa kuliko zote katika muziki wetu, na karibu kila mwimbaji wa mapenzi ana moyo wake: kuna moyo, moyo wangu, moyo mashine, mioyo ya kila namna. Mtu akiandika neno hilo, jukwaa litamtangulizia nyimbo zilizokwisha kusikilizwa sana pamoja na zile zinazofanana na anavyosikiliza yeye kila siku, na singo mpya ya mwimbaji anayeanza itakuwa chini kabisa, mahali ambapo kidole hakifiki. Angalia "Malaika", ambao umerekodiwa na Fadhili William, na Miriam Makeba, na Boney M, na wengine wengi baada yao. Mtu akitoa leo wimbo wake mpya kabisa wenye jina hilo, hata uwe mtamu namna gani, msikilizaji wake atapitishwa kwanza kwa hao wote. Jina la wimbo peke yake kwa kawaida halilindwi na hakimiliki, kwa hiyo hakuna atakayekuzuia kutumia "Moyo". Kinachokuzuia ni foleni. Zaidi ya hayo, katika kiitikio chako neno hilo linatamkwa mara moja tu, tena mwanzoni mwa mstari wa kwanza, wakati msikilizaji bado hajatulia kusikiliza.

"Ngalawa" nalo ni neno zuri, na ninaelewa kwa nini mtu wa Tanga analipenda. Lakini wewe unajua kwamba wako watu wa pwani wanaosema "ngarawa", na ukienda bara utakutana na wengi ambao katika lugha zao za nyumbani *l* na *r* hubadilishana nafasi bila shida. Mmoja ataandika "Ngalawa", mwingine "Ngarawa", na atakayeandika kwa haraka ataandika "Nglawa". Sehemu za kutafutia husamehe makosa ya herufi moja mara nyingi, lakini husamehe vizuri zaidi kwa wimbo ambao tayari ni maarufu, kwa sababu jukwaa lina ushahidi mwingi wa watu waliokosea namna hiyo na bado wakaubofya. Wimbo wenye siku mbili hauna ushahidi huo. Kama neno lingekuwa linarudiwa mara nane katika kiitikio ningesema tulibebe hivyo hivyo na *r* yake. Halirudiwi, nalo, kama "Moyo", limekaa kwenye mstari wa kufungulia.

Meneja wako ana hoja nzito kuliko prodyuza. "Usinitose" limekaa mwisho wa kiitikio, na neno la mwisho kabla muziki haujapumua ndilo linalobaki sikioni. Lina maana mbili zinazobebana: kutosa mtu baharini na kumtosa mpenzi. Kijana wa mjini analijua bila kufafanuliwa. Napata mashaka kwa mambo mawili. La kwanza ni kwamba neno lenyewe ni la kawaida katika mazungumzo ya mapenzi, kwa hiyo limo katika mashairi ya nyimbo nyingi hata pale ambapo silo jina. Siku hizi majukwaa kadhaa hutafuta hata ndani ya maneno ya wimbo yaliyowasilishwa, kwa hiyo utashindana na majina na mashairi kwa pamoja. La pili ni matamshi. Lina silabi tano, u-si-ni-to-se, na mkazo unaangukia kwenye *to*. Ukiimba kwa kasi, silabi tatu za mwanzo zinamezwa, na msikilizaji anabaki na "sintose" au "untose". Vitenzi vyetu virefu vyenye viambishi vingi huimbika vizuri mno, lakini mtu akiviandika hukosea palepale mwanzoni, na mwanzo ndio unaoongoza utafutaji, kwa sababu jukwaa huanza kupendekeza majibu tangu herufi ya pili au ya tatu.

Sasa tazama neno ambalo hakuna aliyelitaja. "Tweka" linasemwa mara mbili katika mstari mmoja. Ni amri, na amri huvuta mwitikio: ukumbini wewe ukisema "tweka", hadhira inajua kwamba inaambiwa ifanye jambo. Lina silabi mbili, linaanza kwa *t* inayogonga vizuri juu ya ngoma, linaishia kwa *a* inayoweza kuvutwa kadiri unavyotaka bila kubadilika sauti. Tena ni neno ambalo kijana wa mjini hakutani nalo kila siku. Mtu wa pwani analijua kwa tanga na bendera. Mtu wa Dodoma au Nakuru pengine atauliza maana yake, na hapo wimbo umeshaingia kwenye mazungumzo. Neno adimu lenye tahajia nyepesi ni mali. Neno adimu lenye tahajia ngumu ni mzigo.

Hata hivyo nisingeliacha "Tweka" peke yake. Sauti ya *w* baada ya *t* ni nyembamba, na ikipigwa na besi ndani ya daladala hufa kabisa, kwa hiyo wapo watakaosikia "teka", ambalo ni neno lenye maana zake nyingine, na katika habari za siku hizi maana hiyo haipendezi. Pili, simu nyingi zina kibodi iliyowekwa Kiingereza. Chukua simu ya jirani yako sasa hivi, andika neno hilo kwenye ujumbe, kisha bonyeza nafasi. Usishangae likigeuzwa kuwa neno la Kiingereza linalofanana nalo. Msikilizaji wako atabofya kutafuta bila hata kuona kwamba simu imemsahihisha.

Ndipo linapoingia "tanga". Peke yake neno hilo lisingefaa hata kidogo, kwa sababu aliandikaye ataletewa mji wako na kila kitu chenye jina la mji huo. Likiwa la pili nyuma ya "tweka", linafanya kazi tatu. Linafunga maana, kwa sababu hata asiyejua "tweka" ataanza kukisia kwamba ni jambo la chombo na upepo. Linampa mtafutaji nanga: akikosea neno la kwanza, la pili bado limesimama sawasawa, na maneno hayo mawili yakiwa pamoja ni nadra. Na linapigika. Sema kwa sauti: *twe*-ka *ta*-nga. Mikazo miwili, yote kwenye *t*, silabi mbili mbili kama kasia mbili. Sauti ya *ng* iliyomo ni ile nzito ya "ngoma", isiyohitaji alama ya juu, jambo ambalo nitalirudia kwa sababu liliwahi kunigharimu.

Kabla ya hapo tumalize kiitikio, kwa sababu jina lisilosikika katika kiitikio haliwezi kukumbukwa hata likiwa adimu namna gani. Ningekipanga hivi:

"Moyo wangu ngalawa, tweka tanga,
kusi yavuma mpenzi, tweka tanga,
usinitose baharini, tweka tanga,
tweka, tweka, tweka tanga."

Maneno yako yote yamebaki isipokuwa "tafadhali", pamoja na moyo wa prodyuza, ngalawa yako na "usinitose" ya meneja. Kilichobadilika ni kwamba sasa kila mstari unaishia kwenye jina. Mwishoni mwa mstari ndipo unapovuta pumzi, na wakati unavuta pumzi msikilizaji anabaki na neno la mwisho bila kitu cha kulifuta. Silabi *twe* iweke juu ya pigo la kwanza la kipimo, yaani fungu la mapigo manne, na *ta* juu ya pigo la tatu. Mwambie prodyuza asikuruhusu kuisogeza sauti ili *ka* ndiyo iangukie kwenye pigo zito, kama inavyotokea mwimbaji anapotaka kuremba. Kiswahili kina mkazo wake kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ukiuhamisha, sikio linasikia neno jingine, na *w* yako inapotea kabla hata besi haijaigusa. Madoido yaweke kwenye *a* ya mwisho ya "tanga", hapo unaweza kwenda hata kipimo kizima.

Halafu kuna suala la muda. Spotify huhesabu usikilizaji mmoja baada ya sekunde 30, na watu wengi huamua kuuruka wimbo mapema kuliko hapo. Kwa kasi yako ya mapigo 100, pigo moja ni sekunde 0.6, na kipimo cha mapigo manne ni sekunde 2.4. Ukiwa na utangulizi wa vipimo 8, beti la vipimo 16 na daraja la vipimo 8 kabla ya kiitikio, hesabu yake ni vipimo 32, yaani sekunde 76.8. Jina la wimbo litasikika kwa mara ya kwanza baada ya dakika moja na robo, wakati wasikilizaji wageni wengi wamekwisha kwenda zao. Sikushauri ulikate beti lako. Fupisha utangulizi uwe vipimo 4, na juu ya vipimo hivyo weka sauti yako ikiita "tweka tanga" mara mbili juu ya gitaa bila ngoma. Kufikia sekunde ya 10 jina limeshatajwa, na hata aliyeondoka ameondoka nalo. Hiyo sehemu ya utangulizi pamoja na mistari miwili ya mwisho ya kiitikio ndiyo pia itakayokatwa kuwa vipande vya sekunde 15, kwa hiyo hakikisha kila kipande unachokitoa mwenyewe kina jina ndani yake. Nimeona vipande vikali vilivyosambaa sana huku wimbo wenyewe ukibaki palepale, kwa sababu sehemu iliyokatwa haikuwa na neno hata moja la jina na watu hawakujua watafute nini.

Nataka nikuonye kuhusu tahajia za kujipamba, maana bila shaka katika studio yenu yumo mtu atakayependekeza "Tw3ka", au "TWEKAAA", au mshangao mmoja na nusu mwishoni. Utaambiwa kwamba wakubwa wanafanya hivyo. Ni kweli kwamba Diamond Platnumz na Koffi Olomide walitoa "Waah!" mwaka 2020, na hakuna anayeweza kubahatisha kwa sikio ni *a* ngapi na kama kuna *h*. Lakini jina la Diamond lenyewe linatosha kuufikia wimbo wowote wake. Mtu huandika jina lake na wimbo mpya unamtokea juu kabisa. Wewe bado watu wanakufikia kupitia wimbo, si wimbo kupitia kwako. Mfano wako katika kazi za msanii huyohuyo uwe "Komasava", ambapo maneno ya Kifaransa ya kujuliana hali yameandikwa jinsi sikio la Mswahili linavyoyasikia, kwa herufi ambazo mtoto wa darasa la pili angeziandika. Hicho ndicho kipimo: andika jina kama asiyekujua angeliandika.

Kuhusu alama ya juu niliyosema ilinigharimu, ilikuwa hivi. Miaka kadhaa iliyopita nilisimamia singo ya msichana mmoja, na tukaupa wimbo jina "Ng'ang'ania". Kiitikio kilikuwa kitamu, na neno lilirudiwa mara nyingi kuliko hata nilivyokushauri wewe. Mchora kava aliona alama mbili za juu zinamharibia herufi zake, akaziondoa. Mimi kwenye fomu ya msambazaji, yaani kampuni inayoupeleka wimbo kwenye majukwaa, niliandika kwa alama iliyonyooka. Aliyepandisha video alinakili kutoka kwenye simu yake, ambayo iliweka alama iliyopinda, tena akaandika "Ng'ang'aniya" kwa *y*. Msambazaji aliurudisha wimbo kwetu kwa sababu jina la kwenye kava halikulingana na la kwenye fomu, tukapoteza siku nne. Tulipotoka hatimaye, nilianza kusoma maoni ya watu chini ya kipande chetu, na waliokuwa wakiulizana jina walikuwa wanaandika "Gangania", "Nang'ania", "Nganganya". Hakuna hata mmoja aliyepatia. Wimbo haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu la kuchagua neno ambalo mtu mzima mwenye elimu husimama kidogo kabla ya kuliandika.

Kwa hiyo jina likishakubalika, liandike mara moja kwenye simu yako, kisha kila mahali pengine linakiliwe kutoka hapo na lisiandikwe upya na mtu yeyote. Kwenye fomu ya msambazaji, ambayo majina ya vyumba vyake hutofautiana kidogo kati ya kampuni moja na nyingine, wimbo wako ungejazwa hivi:

```
Title:            Tweka Tanga
Version:
Primary Artist:   (jina lako la kisanii)
Featured Artist:
Language:         Swahili
```

Chumba cha `Title` kipokee jina tu. Usiongeze jina la prodyuza, wala mwaka, wala "Bongo Fleva mpya", wala "Official Audio" ukidhani kwamba maneno mengi yataleta watafutaji wengi. Majukwaa, hasa Apple Music, hurudisha majina yaliyosheheni nyongeza za namna hiyo, na hata pale yanapopita, jina refu hukatwa kwenye kioo cha simu na kuishia nukta tatu. Kama siku moja utamwalika mwenzako, jina lake linaingia kwenye `Featured Artist`, na jukwaa lenyewe litaliunganisha pale panapostahili. Chumba cha `Version` ni cha kutofautisha rekodi, kwa mfano toleo la gitaa tupu au rimiksi. Kwa rekodi ya kwanza kinabaki kitupu. Lugha usiiache ikisoma Kiingereza kwa sababu ndiyo ilikuwa imetangulia kuchaguliwa, maana lugha hiyo ni moja ya vitu vinavyoonyesha wimbo wako ni wa wasikilizaji gani.

YouTube ni nyumba nyingine yenye desturi yake. Pale jina la video unaliandika mwenyewe, na watu wamezoea kuona jina la msanii kwanza, kistari, jina la wimbo, kisha maelezo kwamba ni video rasmi. Hapo nyongeza hiyo ina kazi, kwa sababu watu hupandisha nakala zao na mtazamaji anatafuta ya kwako. Katika maelezo yaliyo chini ya video bandika mashairi yote ya wimbo kwa tahajia sahihi. Mtu aliyeshika "kusi yavuma mpenzi" badala ya jina atakufikia kwa njia hiyo. Mashairi yapeleke pia kwa msambazaji kama anayapokea. Tahajia zile unazohofia, "ngarawa" au "teka tanga", usiziweke kwenye jina kamwe. Huko chini ya video unaweza kuandika sentensi moja ya kawaida inayozitaja, ikatosha.

Jambo linalowachanganya wasanii wengi ni kama jina linaweza kubadilishwa baadaye. Linaweza. Rekodi yako itapewa msimbo wa ISRC wenye herufi na tarakimu 12, na msimbo huo unaitambulisha rekodi yenyewe, si jina lake, kwa hiyo msambazaji anaweza kutuma marekebisho ya jina bila kubadilisha sauti wala msimbo. Tatizo ni kwamba marekebisho hayafiki kila mahali siku moja. Utakuta jukwaa hili lina jina jipya, lile lina la zamani, Shazam inaonyesha la zamani, mtangazaji wa redio ana faili aliyopewa mwezi uliopita, na usajili wa kazi yako kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA, una jina jingine. Kila penye tofauti kuna mtu anayetafuta asipate, na kuna hesabu ya malipo inayohitaji kufuatiliwa. Ndiyo maana nasisitiza jina liamuliwe kabla ya kupeleka, na upeleke wiki tatu au nne kabla ya siku ya kutoka. Spotify peke yake inahitaji uwe umewasilisha wimbo kupitia Spotify for Artists angalau siku 7 kabla ili uingie kwenye orodha ya Release Radar ya wanaokufuata. Ukiwa bado mnabishana jina ndani ya wiki hiyo, nafasi imepita.

Na sasa jaribio, ambalo unalifanya kabla ya fomu na kabla ya kava. Rekodi kiitikio kipya kwa simu hata kama bado hakijachanganywa. Tafuta watu kumi wasiojua mnabishana nini, wasiwe wote wa Tanga. Wawepo wa Mbeya, wa Mwanza, ukipata na wa Nairobi ni bora zaidi, kwa sababu ya ile *l* na *r* na kwa sababu ya neno "tweka" lenyewe. Wachezee kiitikio mara moja tu kupitia spika ya simu, penye kelele kidogo, usiwaambie jina. Kesho yake watumie ujumbe ukiwauliza: "Ule wimbo wa jana ungeutafuta kwa kuandika nini?" Wajibu kwa kuandika, wasijibu kwa sauti, maana unachokitafuta ni herufi. Kisha weka majibu kumi mbele yako uyasome moja moja.

Wakiandika "tweka tanga" au kitu kilichokosea herufi moja, saba kati ya kumi, nenda moja kwa moja kwenye fomu. Wengi wakiandika "teka tanga", tatizo ni matamshi; rudi studio, fungua mdomo zaidi kwenye *twe*, punguza besi kwenye hicho kipande, ujaribu kwa watu wengine kumi. Na kama wengi watakuandikia "usinitose", tena kwa tahajia sahihi, basi mimi nimekosea na meneja wako amepatia. Liite hilo, na ubadilishe miisho ya mistari ya kiitikio ili neno hilo ndilo lirudiwe, kama nilivyofanya kwa "tweka tanga".